Majani yanayoelea hewani: kutafuta kosa unapokata picha ya mlonge

Jani la mgomba au la mkungu unaweza kulizungusha kwa kipanya, ukitulia, likatoka safi. Mlonge haukubali hivyo. Jani lake moja ni utawi wenye vitawi, na vitawi vyenyewe vina vitawi vingine, ndipo yaje majani madogo ya sentimita moja au mbili, kila moja limeshikwa na kikonyo chembamba kama uzi wa kushonea. Katikati ya hayo yote kuna mamia ya matundu ambamo ukuta au mbingu inachungulia. Atakayezungusha tundu moja moja hatamaliza, na akimaliza mti hautafanana na mti.

Kisa nitakachokifuata ni cha mama mmoja wa Langoni, hapa Lamu, anayeuza miche kwenye kitalu chake. Alitaka bango la kijani iliyoiva, mlonge wake usimame katikati, jina na bei chini. Mti ulikuwa kwenye debe, juu ya dari ya nyumba, urefu wake kama mita moja na nusu kasoro. Nusu ya juu nyuma yake ni mbingu, nusu ya chini ni ukuta wa dari uliopakwa chokaa, na upande ule ulikuwa na kivuli. Kijana aliyemtengenezea mara ya kwanza alimletea kazi, naye akaniletea mimi.

"Mwanangu, hebu nitazamia. Mlonge wangu umekuwaje? Majani yanaelea hewani."

Alikuwa na haki. Vikonyo vya juu vilikuwa vimepotea, majani yamebaki kama chawa waliomwagwa, na huko chini kila tundu lilikuwa na kipande cha chokaa.

Natumia GIMP 2.10 kwa sababu ni ya bure na inakubali kompyuta dhaifu. Mwenye Photoshop atayakuta haya haya kwa majina yaliyo karibu. Majina ya menyu nitayaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Kabla ya kugusa chochote: kosa liko wapi?

Kikonyo kikipotea, kimepotea katika mojawapo ya sehemu tatu. Huenda hakimo kwenye picha yenyewe. Huenda kimo kwenye picha lakini maski imekificha. Au maski iko sawa, ila rangi ya kikonyo imechanganyika na rangi ya mbingu hadi hakionekani kwenye bango. Kila moja ina dawa yake, na dawa ya moja huiharibu nyingine. Wengi wanaonawa mikono na kusema "mlonge haukatiki" wamekuwa wakitibu rangi wakati ugonjwa uko kwenye maski.

Kuzitenganisha ni kazi ya dakika moja. Fungua picha ya asili, ikuze hadi 400%, tafuta mahali kikonyo kilipopotea. Hukioni hata hapo? Basi kosa ni la picha. Unakiona? Nenda kwenye kazi iliyokatwa, chagua tabaka la mti, kisha `Layer > Mask > Show Layer Mask`. Sasa unaiona maski peke yake: palipo peupe mti huonekana, palipo peusi hufichika, palipo kijivu huonekana kwa kiasi. Kama pale pa kikonyo ni peusi, kosa ni la maski. Kama ni pa kijivu au peupe na bado hukioni kwenye bango, kosa ni la rangi.

Ikiwa kazi uliyoletewa haina maski, yaani mtu alifuta kabisa nyuma ya mti akahifadhi, usipoteze muda kuirekebisha. Kilichofutwa hakirudi. Omba picha ya asili.

Dalili: kikonyo hakimo hata kwenye picha ya asili

Kwa mama wa Langoni, picha ya kwanza niliyopewa ilikuwa imepitia kwenye simu nne, kutoka WhatsApp hadi WhatsApp, na upande wake mrefu ulikuwa pikseli 1600. Mti ulichukua asilimia 70 ya urefu huo, yaani pikseli 1120. Gawanya kwa milimita 1400 za mti ule: kila milimita ina pikseli 0.8. Kikonyo cha milimita moja hakijazi hata pikseli moja. Hapo hakuna cha kukata, kuna cha kukisia tu.

Simu iliyoipiga ilikuwa bado inayo ile ya kwanza, pikseli 4000 kwa 3000. Hapo mti una pikseli 2800, kila milimita pikseli mbili, na kikonyo kikapata mwili. Niliomba itumwe kama dokumenti, siyo kama picha, maana ikitumwa kama dokumenti faili haipunguzwi. Nusu ya malalamiko ninayoletewa huisha hapa.

Sababu nyingine mbili hutokea kwenye kupiga. Ya kwanza ni upepo. Dari za Lamu hazina kizuizi, na miezi ya kusi jani la mlonge halitulii. Utajua ni upepo ukiona shina ni kali lakini ncha za majani zimekuwa na ukungu wa upande mmoja. Ncha hizo maski haiwezi kuzirudisha makali. Piga alfajiri kabla upepo haujaamka, au teremsha debe uani, na kama simu inakubali kupangwa kwa mkono weka kasi ya 1/500 au zaidi.

Ya pili ni mwanga kupita kiasi. Mbingu ikiungua hadi kuwa nyeupe tupu, mwanga wake humwagikia ukingoni na kukila kikonyo. Gusa skrini kwenye jani, kisha shusha mwanga kidogo mpaka mbingu irudishe rangi yake. Majani yakiwa na giza kidogo si neno, utayainua baadaye.

Dalili: matundu ya pembeni yametoka, ya katikati yamebaki na ukuta

Hii ndiyo ya haraka kueleza. Aliyekata alitumia `Fuzzy Select`, ile fimbo inayochagua rangi zilizoungana. Ilizunguka mti nje, ikafika ukingoni, ikasimama. Tundu lililozungukwa na majani pande zote halikuungana na nje, basi halikuchaguliwa. `Select by Color` huchagua rangi popote ilipo na hupunguza tatizo, lakini huleta lingine: ukuta ulio ndani ya mti una kivuli cha majani na ukijani wa mwanga uliorudi kutoka kwenye majani, hivyo si rangi ile ile ya ukuta wa nje. Ukipanua kizingiti ili kuushika, unaanza kula majani machanga yenye weupe.

Ndiyo maana kwa mmea wa namna hii sichagui kitu kwa fimbo kabisa. Maski tayari imo ndani ya picha, kazi ni kuitoa.

Maski kutoka kwenye chaneli ya bluu

Jani la kijani hunyonya mwanga wa bluu na mwekundu, hurudisha kijani. Mbingu na chokaa hurudisha bluu kwa wingi. Kwa hiyo ukiitazama picha kwa bluu yake peke yake, majani yamekuwa meusi na nyuma yake kumekuwa na nuru, pamoja na kila tundu, hata lile dogo kuliko punje ya mtama.

Nenda `Colors > Components > Decompose`, chagua `RGB`, acha alama kwenye `Decompose to layers`. Itafunguka picha mpya yenye matabaka matatu ya kijivu. Zima moja moja uyatazame yote, usiniamini mimi. Mara nyingi bluu ndiyo itakayotenganisha zaidi. Chagua tabaka hilo la bluu, nakili kwa `Ctrl+C`. Rudi kwenye picha ya asili, bonyeza tabaka kwa kitufe cha kulia, `Add Layer Mask`, chagua `White (full opacity)`. Maski ikiwa ndiyo iliyochaguliwa, bandika kwa `Ctrl+V`, kisha `Ctrl+H` ili kile ulichobandika kikae ndani ya maski. Mwisho `Colors > Invert`, kwa sababu tunataka mti uwe mweupe.

Ulichonacho sasa ni maski ya kijivu, chafu, lakini kila kikonyo kimo. Kuanzia hapa kazi yote ni kusukuma nyuma ya mti kuelekea kwenye weusi na mti kuelekea kwenye weupe bila kukanyaga vya katikati. Chombo ni `Colors > Levels`. Na hapa ndipo vikonyo hufa.

Dalili: vikonyo vimekatika vipande vipande, hasa vya juu

Tazama maski ya mlonge ule kwa namba. Nilifungua `Windows > Dockable Dialogs > Pointer`, nikapitisha kipanya juu ya maski baada ya kuigeuza. Mbingu ilisoma karibu 30. Jani lililo mbele ya mbingu, karibu 210. Ukuta wenye kivuli, karibu 115. Jani lililo mbele ya ukuta, 215. Mpaka hapo hakuna cha ajabu: majani yako juu, nyuma yake iko chini.

Sasa weka kipanya juu ya kikonyo chembamba. Kilicho mbele ya ukuta kilisoma kama 150. Kilicho mbele ya mbingu kilisoma 90 tu.

Mtu angetarajia pikseli iliyofunikwa nusu na kikonyo, nusu na mbingu, isome katikati ya 30 na 210, yaani 120. Haisomi hivyo. Kamera hujumlisha mwanga kwanza, na mwanga wa mbingu ni mwingi mno kuliko wa kikonyo, hivyo nusu ya mbingu huishinda nusu ya kikonyo. Namba zinazohifadhiwa kwenye faili nazo hazipandi sawa na mwanga wenyewe. Matokeo ni kwamba kitu chembamba mbele ya mbingu daima huonekana chembamba zaidi kuliko kilivyo.

Linganisha namba mbili: ukuta 115, kikonyo cha juu 90. Ukuta, ambao tunataka ufe, una namba kubwa kuliko kikonyo, ambacho tunataka kiishi. Hakuna mpango mmoja wa `Levels` unaoweza kuwatenganisha hawa. Ukiupandisha weusi hadi 125 ili ukuta ufutike, kila kikonyo kilicho mbele ya mbingu kimekwenda nao. Ukiuacha weusi kwenye 40 ili kulinda vikonyo, ukuta wote umebaki. Kijana yule hakuwa mzembe. Alikuwa anavuta kishale kimoja kwa nyuma mbili tofauti.

Dawa ni kuigawa maski. Chukua `Free Select`, zungusha eneo la ukuta ukifuata mstari wake wa juu, ukipita katikati ya mti bila kuogopa, maana hukati mti, unagawa eneo tu. `Feather edges` iwe imezimwa, kwa kuwa mstari wa ukuta na mbingu ni mkali. Hakikisha maski ndiyo iliyochaguliwa, fungua `Levels`, na kwenye `Input Levels` weka:

```
ukuta:   125   1.60   200
mbingu:   40   1.60   195
```

Mstari wa kwanza ni wa eneo la ukuta. Ukimaliza, `Select > Invert` ili eneo la mbingu lichaguliwe, kisha `Levels` tena kwa mstari wa pili. Namba ya kushoto ni ile ambayo kila kilicho chini yake huwa cheusi. Iweke juu kidogo ya namba ya nyuma ya mti. Ya kulia ni ile ambayo kila kilicho juu yake huwa cheupe. Iweke chini kidogo ya namba ya jani. Namba za picha yako zitakuwa nyingine, zipime, usizinakili zangu.

Ya katikati, 1.60, ndiyo inayookoa vikonyo. Bila hiyo, kikonyo cha 90 kingetoka na 82 kati ya 255, hafifu kama kivuli. Ukiipandisha hadi 1.60 kinatoka na takriban 125, nusu kamili, na cha mbele ya ukuta kinatoka hapo hapo karibu na 128. Vya juu na vya chini vimelingana unene. Nyuma ya mti haiguswi na namba hii, kwa kuwa imeshakuwa nyeusi. Ukiona majani yameanza kuwa na ukingo mnene wa mbingu, umeizidisha, rudi 1.40.

Usijaribu kuifanya maski iwe nyeupe na nyeusi tupu. `Threshold` inavutia kwa usafi wake, lakini kijivu kile cha pikseli moja au mbili ukingoni ndicho kikonyo chenyewe. Ukikilazimisha kuchagua, nusu ya pikseli zitachagua weusi, na hapo ndipo kikonyo hugeuka nukta nukta.

Kuna wauaji wawili wengine wa vikonyo, nao ni wa makusudi. `Select > Shrink` kwa pikseli moja hula pikseli moja kila upande. Kikonyo chetu cha pikseli mbili kimekwisha. Watu huitumia kuondoa ukingo mweupe, na kwa sufuria au kiatu inafaa, kwa mlonge hapana. Kulainisha nako, iwe ni `Feather` au kile kishale cha `Smooth` kwenye `Select and Mask` ya Photoshop, huwa hakuui, hukondesha tu: kikonyo chembamba hufifia, na ncha ya jani iliyochongoka huwa mviringo. Kwa mlonge, ambao majani yake tayari ni ya duara, hutagundua. Ukikuta mwarobaini ambao ukingo wake ni wa meno meno na ncha ndefu, utaona mara moja kuwa meno yameliwa. Kishale hicho kiwe sifuri.

Dalili: majani yana matobo ambayo hayakuwepo

Jani likipigwa na jua pembe fulani hung'aa, na mng'ao huo ni taswira ya mbingu, haukuingia ndani ya jani ukanyonywa. Kwa hiyo una bluu nyingi, na chaneli ya bluu inaudhani ni tundu. Matobo ya namna hii yako katikati ya jani, yana ukingo laini, na kwenye picha ya asili yanalingana na doa jeupe. Tundu la kweli lina ukingo mkali wa jani.

Hapa nafanya kwa mkono. Kwenye maski, chukua `Dodge / Burn`, weka `Dodge`, `Range` iwe `Highlights`, na upitishe juu ya majani: kilichokuwa karibu na weupe kinakuwa cheupe, kijivu cha ukingoni kinaguswa kidogo tu. Kwa tobo lililo jeusi kabisa, brashi nyeupe ngumu, ndogo kuliko jani, gusa katikati, usifike ukingoni. Majani ya mlonge ni madogo hivyo matobo si mengi. Kwa mkilua au mmea mwingine wenye majani ya kung'aa, tenga muda.

Chombo hicho hicho upande wa pili, `Burn` kwa `Shadows`, ndicho cha kusafishia matundu ya ndani yaliyobaki na ukungu wa kijivu. Hufanya giza liwe giza na kumuacha kikonyo, mradi `Exposure` iwe ndogo, 15 hadi 25, na upite mara kadhaa badala ya mara moja kwa nguvu.

Dalili: ukingo una ngazi ngazi

Kuza maski hadi 400%. Ukiona ukingo wa jani umepanda kama ngazi, au kuna miraba midogo kuzunguka kikonyo, hiyo ni alama ya JPEG, ambayo hubana picha kwa miraba ya pikseli nane kwa nane na mara nyingi hupunguza rangi hadi nusu huku ikitunza mwangaza. Bluu ndiyo huumia zaidi, maana haina mchango mkubwa kwenye mwangaza. Kijani huumia kidogo. Hivyo kwa eneo la mbingu, ambako nyuma ni angavu sana na kijani pia kinatenganisha, toa maski ya eneo hilo kwenye chaneli ya kijani, uiache bluu kwa ukuta. Ndiyo sababu nilisema uyatazame matabaka yote matatu.

Dalili: maski ni nzuri, lakini mti una ukingo mweupe kwenye bango

Hili ndilo la rangi. Pikseli ya ukingoni ilikuwa nusu jani nusu mbingu. Maski imeifanya ionekane nusu, vyema, lakini rangi iliyobebwa bado ni ile iliyochanganyika, ya kijani iliyopauka. Juu ya karatasi nyeupe huioni. Juu ya kijani iliyoiva ya bango la mama, mti mzima ulikuwa umevaa uzi mweupe, na vikonyo vilionekana kama waya za chuma.

Mkono wa mtu hapa huenda kwenye maski, ili aibane. Uzuie. Umbo ni sahihi, rangi ndiyo mbaya, kwa hiyo paka rangi.

Bonyeza picha ndogo ya tabaka, siyo ya maski, ili upake kwenye picha. Chukua `Paintbrush`, weka `Mode` iwe `Darken only`. Kwa `Color Picker` chukua rangi ya kikonyo pale kinapokuwa kinene, karibu na tawi, ambapo hakijachanganyika na kitu. Sasa paka juu ya vikonyo vya sehemu hiyo bila kuogopa kutoka nje ya mstari, kwa sababu maski inashikilia umbo; utakachopaka nje hakitaonekana. `Darken only` itabadilisha zile pikseli zilizopauka na kuziacha zile ambazo tayari ni nzito. Hamia tawi jingine, chukua rangi upya. Vikonyo vya mlonge vya juu ni vya manjano-kijani, vya chini vimekomaa, na ukitumia rangi moja kwa mti mzima utaonekana wa plastiki. Kwenye majani pita ukingoni tu. Ukipaka katikati unafuta mng'ao na jani linakuwa bapa.

Kwa mti ule ilichukua sehemu ya mchana. Photoshop ina `Decontaminate Colors` inayofanya hivi yenyewe, na kwa majani hufanya vizuri, lakini kwenye vikonyo mara nyingine huchukua rangi ya jani la jirani.

Kama mti bado upo na utapigwa tena, kuna njia ya kupunguza kazi hii kabla haijazaliwa. Nyuma ya mti weka kitambaa kisicho na ua, kisicho cha kijani, chenye ung'avu unaokaribiana na ule wa bango litakalotumika. Bango likiwa jeusi au la rangi nzito, shuka la buluu iliyoiva au la kijivu linafaa kuliko jeupe, kwa sababu mabaki ya ukingoni yatafanana na bango. Hapo hakikisha tu kwamba jani na kitambaa vinatofautiana vya kutosha kwenye mojawapo ya chaneli tatu. Kisogeze mita moja nyuma ya debe ili kivuli cha majani kisikiangukie. Na kiwe kirefu cha kufunika mti wote, ili usije ukapata tena mbingu juu na ukuta chini.

Kikonyo kilichokataa

Vitabaki vichache ambavyo hata kwenye faili ya asili vimemezwa na mwanga, jani limesimama peke yake na kila mtu anajua linapaswa kushikwa na kitu. Hivyo navichora. Kwenye maski, `Paths`, nukta mbili, pinda kidogo kwa sababu kikonyo cha mlonge hakinyooki kama rula, kisha `Edit > Stroke Path`, rangi nyeupe isiyokolea sana, upana pikseli 2. Halafu kwenye tabaka paka rangi ya kikonyo hapo chini yake kwa `Mode` ya `Normal`, maana picha pale ina mbingu tupu. Linganisha na vikonyo vya jirani kwenye 100%, siyo kwenye 400%. Ukikuza sana utakichora kinene. Kama picha ni ya kitabu cha mimea au ya mtu anayetaka kuutambua mmea, usichore, mwambie mwenye kazi kwamba vimepotea. Kwa bango la kitalu hakuna aliyedhurika.

Dalili ya mwisho: kwenye kompyuta kilikuwepo, kwenye bango hakipo

Hifadhi kwa PNG, kwa sababu JPG haibebi uwazi wa nyuma. Na weka kando faili ya `.xcf` yenye maski, kwa siku mwenye bango atakapobadili rangi.

Mama alitaka pia picha ndogo ya kubandika kwenye vikopo vya miche, mti wa pikseli 300. Ukiupunguza mti wa pikseli 2800 hadi 300, kikonyo cha pikseli mbili kinakuwa kama moja ya tano ya pikseli na kutoweka, hata maski iwe safi vipi. Kwa kipimo hicho nilitengeneza nakala, nikafungua `Levels` kwenye maski yake na kupandisha namba ya katikati hadi vikonyo vikanenepa kupita kiasi kwa macho yangu, ndipo nikapunguza picha. Vikarudi kwenye unene wao. Nakala ya bango haikuguswa, na hizo mbili zisichanganywe: ukimpelekea mchapaji wa bango ile ya vikopo, mlonge utatoka na vikonyo vinene kama vya mpapai.